UZI: Nimeambiwa niandike barua ya kumuaga mhasibu wetu, iende na kadi na zawadi. Rasimu hii hapa, nirekebisheni

Karani wa Gerezani
Wakuu habari za mchana. Mhasibu wetu kapata kazi sehemu nyingine, ijumaa hii ndo siku yake ya mwisho, amekaa na sisi miaka sita. Tuko 19 ukijumlisha madereva na watu wa stoo, tunauza vifaa vya ujenzi. Tumechanga elfu tano tano, waliotoa mpaka sahivi ni 17, wawili wanasema kesho tangu jumatatu. Kadi ipo, zawadi ni chupa ya chai ile kubwa ya lita mbili kwa sababu jamaa bila chai hafungui hata kompyuta. Sasa bosi kasema kadi ni ya kusaini tu, inatakiwa barua fupi ndani isomwe mbele ya watu, alafu akanitazama mimi eti kwa vile ndo huwa naandika matangazo ya kuziba choo na kuzima taa. Nimekesha nayo, imetoka hivi:

*"Ndugu yetu mpendwa, kwa masikitiko makubwa tumepokea taarifa za kuondoka kwako. Ulikuwa mchapakazi, mcheshi na mpenda watu. Umeacha pengo ambalo halitazibika. Sisi tulikupenda lakini kampuni nyingine imekupenda zaidi. Tutakukumbuka daima. Mwenyezi Mungu akutangulie huko uendako. Ni sisi wafanyakazi wenzako."*

Naona kama kuna kitu hakijakaa sawa ila sijui ni nini.

Dogo wa Stoo
Poleni sana mkuu. Mazishi ni saa ngapi?

Karani wa Gerezani
Hahaha dogo acha basi, mi niko siriasi

Dogo wa Stoo
Na mi niko siriasi, nimesoma nikajikuta nimevua kofia

Wakili wa Mtaa
Mtoa mada kwanza kabisa umekosea, barua ya kuacha kazi anaandika mwenyewe anayeondoka, haiandikwi na wenzake. Pili kama analipwa kwa mwezi anatakiwa atoe notisi isiyopungua siku 28, ipo kwenye Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004. Akiondoka ijumaa bila notisi mwajiri anaweza kumdai mshahara wa hizo siku.

Karani wa Gerezani
Mkuu notisi alishatoa mwezi uliopita, hii ni barua ya kumuaga tu, inakaa kwenye kadi

Wakili wa Mtaa
Sawa. Ila mwambieni asiondoke bila cheti cha utumishi, ni haki yake, na hicho kisichanganywe na hiyo kadi yenu ya maua.

Mwalimu Mkuu 77
Vijana wa siku hizi barua zimewashinda kabisa. Barua yoyote inayotoka ofisini ni barua rasmi, kwaiyo anwani ya mwandishi juu kulia, tarehe, anwani ya mwandikiwa kushoto, mtajo, kichwa cha habari kwa herufi kubwa, YAH: KUKUAGA NA KUKUTAKIA KILA LA HERI, alafu aya ya kwanza unaanza "husika na kichwa cha habari hapo juu". Mwisho sahihi, jina na cheo. Hii yako haina hata tarehe.

Dogo wa Stoo
Yah: kukuaga 😂 mwalimu jamaa atadhani amefukuzwa

Bibi Taipu
Wanangu hamjambo. Mimi nimekuwa katibu muhtasi tangu enzi za taipureta na stensili, nimestaafu juzi juzi tu, na barua za kuagana nimeandika nyingi kuliko watu ninaowakumbuka majina. Mwalimu shikamoo, kwa tarehe uko sahihi kabisa, nitarudi huko. Ila hiyo Yah iache, Yah ni barua inayoingia kwenye faili na ina namba ya kumbukumbu, hii ya kijana haiingii faili lolote, inaenda kwenye droo ya mtu nyumbani kwake.

Sasa kijana wangu Karani, mwenzako wa stoo kakutania lakini ameona ugonjwa wenyewe. Rudi uisome rasimu yako ukijifanya ni redio ya saa mbili usiku. Masikitiko makubwa, pengo halitazibika, tutakukumbuka daima, sisi tulikupenda, yote hayo umeyatoa msibani. Hukukusudia, ni kwamba sisi hotuba ya kuagana tunayoisikia mara nyingi zaidi ni ya makaburini, kwaiyo ukikaa mbele ya karatasi kuaga mtu mkono unakwenda huko wenyewe.

Na kuna kitu kidogo zaidi ambacho ndo kinaua barua, ni hiyo LI yako. "Ulikuwa mcheshi." Kwani ijumaa ucheshi unaisha? Mtu anahama kampuni, hahami tabia. Kanuni niliyokuwa nawaambia mabinti waliokuwa chini yangu ni moja tu, tabia yake iandike kwa wakati uliopo, alichokitenda kiandike kwa wakati uliopita. "Wewe ni mtu wa kusubiri wenzako" inakaa. "Ulitusubiri siku ile mpaka saa tatu usiku" inakaa pia, kwa sababu siku ile imepita kweli. "Ulikuwa mtu wa kusubiri wenzako", hapo umemzika.

Naomba sasa unijibu mambo mawili. Kwanza niambie jambo moja alilofanya, moja tu, ambalo hata dereva wa mwisho hapo kwenu analikumbuka. Pili, kuna kitu gani kinafanyika hapo ofisini leo ambacho kabla yake hakikuwepo. Ukinipa hivyo viwili barua imeshaisha, maneno mengine ni kushonea tu.

Mwalimu Mkuu 77
Marahaba mama. Basi tarehe iwepo.

Mama wa Tabata
Mi naomba niongee yangu. Mwaka juzi naondoka kazini kwangu wakaniandikia barua, akasimama binti mmoja akasoma "tutakumiss kwa vile asubuhi hutakuwepo wa kumlaumu foleni ya Mandela", watu wakaangua kicheko na mi nikacheka. Ila mimi kuchelewa kule kulikuwa kwa sababu ya mtoto alikuwa mgonjwa mwaka mzima na nilishapewa barua ya onyo, na bosi aliyenipa ile barua alikuwa amekaa pale anacheka kuliko wote. Kadi sijui hata iko wapi. Kwaiyo ndugu mwandishi utani weka lakini angalia unatania nini

Dogo wa Stoo
Pole mama wa Tabata 🙏🏾

Bibi Taipu
Pole sana mama. Hapo umesema kitu. Utani wa kwenye barua inayosomwa mbele ya watu uwe wa kitu ambacho mwenyewe huwa anajitania nacho. Chai ya huyu mhasibu sawa, kama ni yeye mwenyewe anajisifia nayo. Kuchelewa, unene, ndoa, kufeli mtihani wa bodi, hivyo usiguse hata kama ofisi nzima mnavicheka kila siku.

Karani wa Gerezani
Shikamoo bibi. Nashukuru sana, nimeisoma tena kweli ni tanzia 😂

Majibu. Tukio: mwaka juzi mwisho wa mwezi, tarehe 30 jioni, mtu wetu alienda kununua nondo za 2,360,000 akarudi na risiti ya EFD haina TIN yetu wala VRN, imekatwa kama mteja wa barabarani tu. Humo ndani VAT ni 360,000 ambayo bila TIN yetu kwenye risiti huwezi kuidai kwenye ritani, yaani mnailipa kampuni. Mhasibu hakusema kitu, akachukua bodaboda mvua inanyesha akawahi duka kabla hawajafunga mauzo ya siku kwenye mashine, akarudi amelowa chapachapa ila risiti mpya kavu, ilikuwa kwenye mfuko wa plastiki. Akamimina chai akaendelea.

La pili: kabla hajaja risiti zilikuwa zinakaa kwenye droo, na mnajua zile karatasi za EFD wino unafifia, baada ya miezi kadhaa unabaki na karatasi nyeupe. Yeye ndo kaanzisha kila risiti inatolewa kopi siku hiyohiyo. Na akipewa risiti haina TIN anairudisha anakwambia "hii kafungie karanga". Sahivi mpaka madereva wakinunua dizeli wanatamka TIN kabla hawajalipa. Tunamuita Mzee wa Tarehe 20 kwa sababu ya siku ya ritani ya VAT, usiku huo haondoki mpaka imepokelewa.

Jamaa wa Eastleigh
Aki hata huku Nairobi ni tarehe 20, nimejihisi nimetajwa 😅 hawa watu wa mahesabu ni wale wale. Mimi kwa barua ningeongeza hapo mwisho "utukumbuke katika ufalme wako", watu hucheka sana

Bibi Taipu
Mwanangu wa Nairobi hiyo ya ufalme kila mtu anaisema kwa mdomo, na kwa mdomo inachekesha. Ukiiandika inabaki kwenye karatasi kama ombi la kazi, na bosi wenu yupo hapo anasikiliza kwamba wote 18 mnataka kuhama. Alafu huyo anayeondoka hajapewa ufalme wowote, anaenda kuanza miezi ya majaribio.

Jamaa wa Eastleigh
Sawa cucu nimekubali

Bibi Taipu
Karani, umeniandikia barua bila kujua. Angalia, maneno uliyojibu hapo juu yana uhai, ile rasimu haina. Sasa ipunguze. Usiweke "mchapakazi", aliyepanda bodaboda kwenye mvua huna haja ya kumwita mchapakazi. Iwe maneno kama 100 mpaka 120, ukisoma kwa sauti bila kukimbia ni kama dakika moja na kidogo, ukizidisha hapo wale wa nyuma wanaanza kuangalia soda. Karatasi nusu ya A4, ikunjwe mara moja, ikae ndani ya kadi bila kubandikwa. Usiiandike juu ya kadi yenyewe, mtu 19 wanahitaji nafasi ya kusaini na yupo mmoja lazima ataandika insha.

Karani wa Gerezani
Nimekaa nayo lanchi nzima. Jaribio la pili:

*"Kaka yetu Mzee wa Tarehe 20, kabla hujaja risiti zetu zilikuwa zinalala kwenye droo mpaka zinakuwa nyeupe. Leo hata dereva akinunua dizeli anataja TIN kwanza. Hiyo ni kazi ya mikono yako. Hatujasahau tarehe 30 ile ulivyopanda bodaboda kwenye mvua kwenda kubadilisha risiti ya 2,360,000 iliyokosa TIN, ukarudi umelowa na risiti kavu ndani ya mfuko wa plastiki. Hukumlaumu mtu. Tumekununulia chupa hii ya chai kwa michango yetu, ingawa wawili bado hawajatoa. Asante kwa kila kitu. Mungu akutangulie."*

Dogo wa Stoo
Hao wawili wataje majina kabisa

Wakili wa Mtaa
Mfuko wa plastiki umepigwa marufuku tangu Juni 2019. Mwaka juzi mmeutoa wapi? Hiyo ni karatasi yenye jina la kampuni.

Karani wa Gerezani
Wakili we una balaa 😂😂

Mhasibu Mwenza
Nimepita tu ila mimi pia ni wa mahesabu, ngoja nikuokoe na kingine. Hiyo 2,360,000 itoe. Barua itasomwa, alafu itapigwa picha, jioni ipo stetasi ya watu kumi na tisa. Mnasema hadharani kwamba mlinunua mzigo fulani kwa bei fulani na muuzaji alikosea risiti. Muuzaji akiiona atajua ni yeye. Na mtu anayeondoka anaenda labda kwa mshindani wenu, hataki jina lake liwe karibu na namba za mwajiri wake wa zamani.

Dogo wa Stoo
Mi napinga, namba ndo tamu. "Risiti moja" inakaa kama ya soda

Mhasibu Mwenza
Tamu ndiyo, itajeni kwa mdomo pale mkiwa wenyewe.

Mama wa Tabata
Namuunga mkono wa stoo, bila namba mtu asiyejua hataelewa kwanini alilowa mvua

Bibi Taipu
Asiyejua hakuandikiwa barua hii. Mhasibu akisikia "risiti moja" na "mvua" atakumbuka mpaka shilingi ya mwisho, wale watu hawasahau tarakimu. Ila sibishani, ni ofisi yao.

Mengine matatu mwanangu. Michango hairudi kwenye barua, si kiasi, si nani katoa nani hajatoa, kadi ni ya wote 19 na hao wawili wanasaini kama wengine. Pili, zawadi umeitaja kama umetoa dukani, "tumekununulia chupa hii". Iunganishe na yeye, chupa yake ya zamani ikoje? Tatu, "asante kwa kila kitu" ni sentensi ya mtu aliyechoka kufikiri, ifute uone kama barua inapungukiwa.

Na huo mfuko, muulize aliyekuwepo siku hiyo kabla hujaandika. Niliwahi kuandika kwamba mzee mmoja alituletea mahindi ya kuchoma usiku wa ukaguzi, kumbe alileta mwenzake aliyekuwa amekaa kiti cha pili. Barua nzima ikaharibika kwa hicho.

Karani wa Gerezani
Nimemuuliza dereva. Kumbe risiti aliiweka ndani ya helmeti, juu ya kichwa! Mimi nilikuwa nimechanganya na siku nyingine. Wakili umeniponya aisee

Chupa ya zamani ina kifuniko kimekatika, anakifunga na raba ile ya kufungia noti. Mwenyewe anasema ndo mfumo wake wa usalama.

Jamaa wa Eastleigh
Helmeti ni noma kushinda mfuko!! Hiyo ndo barua

Mwalimu Mkuu 77
Suala la Mungu je? Mwisho lazima uweke dua.

Karani wa Gerezani
Hapo ndo nimekwama, ofisi ni mchanganyiko, yeye mwenyewe ni mtu wa swala tano na aliyependekeza "Mungu akutangulie" ni mlokole

Mama wa Tabata
Mungu ni mmoja, weka

Bibi Taipu
Mimi huwa nasema dua kila mtu aiandike kwenye kadi kwa namna yake, pale ndo mahali pake, barua ya pamoja ibaki na "kila la heri". Lakini wapo maofisini watakaoona barua isiyo na jina la Mungu ni kavu, na siwezi kuwaambia wamekosea.

Mwalimu Mkuu 77
Ni kavu.

Karani wa Gerezani
Haya, ya mwisho hii, nimeandika kwa mkono japo mwandiko wangu ni wa kuku, Dogo anasema ningechapa:

*"Dar es Salaam, Ijumaa*

*Kaka yetu Mzee wa Tarehe 20,*

*Kabla hujaja, risiti zetu zilikuwa zinalala kwenye droo mpaka zinageuka nyeupe. Leo hata dereva akinunua dizeli anataja TIN kwanza, na kopi inatoka siku hiyohiyo. Zisizo na TIN tunafungia karanga.*

*Ile jioni ya mwisho wa mwezi ulipanda bodaboda kwenye mvua kwenda kubadilisha risiti moja. Ulirudi umelowa mpaka soksi, risiti ikatoka kavu ndani ya helmeti. Hukumsema mtu. Ulimimina chai ukaendelea.*

*Wewe ni mtu wa kumaliza, ndiyo maana tunajua huko nako tarehe 20 haitakulaza na deni.*

*Chupa yako yenye raba iache hapa, tutaitunza. Hii mpya kifuniko chake kinafunga chenyewe. Ukipita Gerezani ingia, chai ipo.*

*Kila la heri kaka.*

*Sisi wenzako wa dukani, stoo na barabarani"*

Bibi Taipu
Usiguse tena. Tarehe tu andika kamili, siku na mwezi na mwaka, ili akiikuta kwenye droo baada ya miaka kumi ajue ni lini. Mwalimu alisema mapema. Na mwandiko wa kuku ni sawa, ila isome kwa sauti mara mbili nyumbani usije ukakwama pale kwenye soksi.

Wakili wa Mtaa
Abiria wa bodaboda alivaa helmeti. Safi, hapo hamna kosa.

Dogo wa Stoo
Mrejesho ijumaa mkuu usipotee

Karani wa Gerezani
*Ijumaa, saa mbili usiku*
Wakuu nimerudi. Nimesoma, pale kwenye karanga watu wamecheka, kwenye helmeti jamaa akainamisha kichwa akawa anasugua miwani na tai, muda mrefu kidogo. Dereva aliyekuwa naye siku ile akadakia kwa sauti "milioni mbili laki tatu na sitini!" kwaiyo namba imetoka hivyohivyo, Mhasibu Mwenza nisamehe. Wale wawili wametoa hela zao asubuhi, tukaongeza keki. Bosi kasaini katikati kabisa ya kadi, saini kama ya kwenye cheki, wengine tukajibana pembeni.

Chupa ya zamani kaiacha kweli, ipo juu ya kabati, ila raba kaondoka nayo, anasema hiyo ni mali yake binafsi.

Tatizo sasa, faili la ritani alilokuwa anatumia lina nenosiri na hakuna aliyekumbuka kumuuliza, simu yake inaita tu, nadhani yuko kwenye daladala. Kuna mtu anajua namna ya kulifungua?

Dogo wa Stoo
Jaribu "karanga"

Karani wa Gerezani
Limekataa

Dogo wa Stoo
Jaribu karanga20